Moshi wa London, Jua la Los Angeles: Aina Mbili za Ukungu wa Moshi

Tarehe 26 Julai 1943, katikati ya jiji la Los Angeles kulitanda ukungu wa rangi ya hudhurungi. Macho ya watu yaliwasha na kutoa machozi, koo zikakereketa, na majengo yaliyokuwa hatua chache tu yakafifia. Marekani ilikuwa vitani, kwa hiyo wapo waliodhani Wajapani wameangusha gesi ya sumu. Hofu hiyo ilipopoa, lawama zikaelekezwa kwenye kiwanda kimoja cha mtaa wa Aliso kilichotengeneza butadiini, malighafi ya mpira wa bandia. Kiwanda kikafungwa kwa muda. Ukungu ukarudi kama kawaida.

Hapo wakuu wa mji wakafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye busara angelifanya: wakawaita watu waliowahi kupambana na moshi mahali pengine na kushinda. Gazeti la Los Angeles Times lilimleta Raymond Tucker, mhandisi aliyesimamia usafishaji wa hewa ya St. Louis, mji uliokuwa umefunikwa na moshi wa makaa ya mawe hadi taa za barabarani zikawashwa mchana. Mwaka 1947 wilaya ya Los Angeles iliunda idara ya kudhibiti uchafu wa hewa, na mkuu wake wa kwanza, Louis McCabe, alikuwa mtaalamu wa makaa ya mawe. McCabe alianza na adui aliyemfahamu, yaani moshi mweusi na gesi ya salfa kutoka viwanda vya kusafisha mafuta. Viwanda vikabanwa na salfa ikapungua. Lakini macho ya watu wa Los Angeles yaliendelea kuwasha.

Wataalamu hao hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa wanatibu ugonjwa mmoja kwa dawa ya ugonjwa mwingine. Ukungu wa makaa ya mawe na ukungu wa Los Angeles, ambao wanasayansi huuita ukungu wa kifotokemia kwa kuwa hupikwa na mwanga wa jua, hutokana na nishati tofauti, huhitaji hali tofauti za hewa, na hata hukomaa saa tofauti za siku.

Siku tano za London

Ili kuuelewa ule wa makaa, hakuna mfano ulio wazi kuliko London ya Desemba 1952. Wiki zilizotangulia zilikuwa za baridi kali, na karibu kila nyumba ilipasha joto kwa kuchoma makaa ya mawe kwenye meko ya wazi ya sebuleni. Makaa mazuri yaliuzwa nje ili nchi, iliyodhoofishwa na vita, ipate fedha za kigeni. Yaliyobakia kwa wananchi yalikuwa mengi ya daraja la chini, vumbi lililochanganyika na vipande vidogo vidogo, ambayo huungua vibaya na kutoa moshi mzito.

Ijumaa ya tarehe 5 eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa lilikaa juu ya mji. Upepo ukafa. Ukungu wa kawaida, ule wa matone ya maji, uliinuka kutoka bonde la Mto Thames, na dohani za nyumba, viwanda na vituo vya umeme zikaendelea kumwaga moshi ndani yake. Haukuondoka hadi Jumanne ya tarehe 9, upepo wa magharibi ulipofika. Katikati ya siku hizo makondakta walishuka kwenye mabasi na kutembea mbele yake wakiwa na taa ili dereva ajue barabara iko wapi. Katika ukumbi wa Sadler's Wells onyesho la opera lilikatizwa kwa sababu ukungu ulikuwa umeingia ndani na watazamaji hawakuweza kuliona jukwaa. Ng'ombe kadhaa walioletwa kwenye maonyesho ya mifugo walikufa.

Binadamu walikufa kimyakimya zaidi, majumbani na hospitalini, wengi wao wazee, watoto wachanga na wenye ugonjwa wa mapafu. Uzito wa msiba ulidhihirika pale majeneza yalipoadimika na daftari za vifo zilipojumlishwa. Hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa takriban vifo 4,000 zaidi ya kawaida. Watafiti waliorudia hesabu hiyo miaka ya baadaye, wakijumuisha waliokufa katika wiki zilizofuata, walifikia takriban 12,000.

Ni nini kilichowaua? Tuchukue tani moja ya makaa ya mawe yenye salfa asilimia 1.5, kiwango cha kawaida kabisa. Ndani yake mna kilo 15 za salfa. Makaa yakiungua, kila sehemu ya salfa hushikana na oksijeni ya uzito ulio sawa na wake, na dohani hutoa kilo 30 za salfa dioksaidi. Gesi hiyo inanuka kama njiti ya kibiriti iliyowashwa sasa hivi, na peke yake inabana kifua. Lakini ikikutana na matone ya ukungu huyeyuka ndani yake, na huko humeng'enywa kwa msaada wa chembe za chuma zilizomo kwenye majivu na gesi nyingine za moshi, mpaka inageuka asidi ya salfuriki. Ndiyo asidi ile ile iliyomo kwenye betri ya gari. Iwapo salfa yote ya tani ile ingegeuka, zingepatikana kilo 46 za asidi. London ilikuwa ikichoma makaa kwa maelfu ya tani kila siku.

Masizi nayo yalikuwa na kazi yake. Makaa yanayoungua kwa moto hafifu hutoa chembe za kaboni zilizopakwa lami. Mvuke wa maji hupata pa kushikia kwenye chembe hizo, kwa hiyo moshi huzidisha ukungu, na ukungu huuzuia moshi usitawanyike. Kila tone likawa mzigo wa maji, masizi na asidi, dogo kiasi cha kuvutwa hadi ndani ya mapafu.

Hewa inapofunikwa

Anayepanda Kilimanjaro anajua kwamba hewa huzidi kupoa kadiri unavyokwenda juu. Hali hiyo ndiyo inayousafisha mji kila siku: hewa ya chini iliyopata joto ni nyepesi, hupanda, na hubeba moshi wake. Ila zipo siku ambazo mpangilio hupinduka, hewa ya joto ikawa juu na ya baridi chini. Hewa baridi ni nzito na haiwezi kupanda, hivyo kila kinachotoka kwenye dohani na ekzosi hubaki chini kama mvuke ndani ya sufuria iliyofunikwa. Wataalamu wa hali ya hewa huiita hali hii mpinduko wa joto, na aina zote mbili za ukungu wa moshi huihitaji. Tofauti iko katika namna kifuniko chenyewe kinavyotengenezwa.

Kile cha London hutengenezwa na ardhi. Usiku mrefu wa Desemba, anga ikiwa tulivu, ardhi hupoteza joto lake na kuipoza hewa inayoigusa. Hewa iliyo mita mia moja au mia mbili juu hubaki na joto zaidi. Katika majira mengine jua la asubuhi lingeipasha ardhi moto na kuvunja mpangilio huo kufikia saa nne, lakini jua la London mwezi huo huwa chini sana angani hata adhuhuri, na ukungu mzito hulirudisha juu kabla halijagusa ardhi. Kwa hiyo ukungu wa makaa ni mtoto wa baridi, unyevu na giza. Huwa mkali zaidi usiku na alfajiri, wakati meko yanapowashwa na hewa imetulia kabisa.

Cha Los Angeles hushuka kutoka juu. Pwani ya California hukaa chini ya eneo kubwa la mgandamizo wa hewa la Bahari ya Pasifiki. Katika eneo hilo hewa hushuka taratibu kutoka angani, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyopata joto. Chini yake huingia hewa iliyopozwa na mkondo baridi wa bahari. Hewa ya joto hulala juu ya ile ya baharini, mara nyingi mita mia chache tu kutoka ardhini, na nyuma ya mji imesimama milima inayozuia njia ya kutokea. Hali hii hutawala hasa kuanzia kiangazi hadi Oktoba, na haileti mawingu mazito. Jua hupenya lote. Katika London jua lilikuwa limefungiwa nje. Hapa limo ndani na linafanya kazi.

Mtu wa mananasi

Aliyegundua kazi hiyo ya jua ni Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha katika taasisi ya Caltech, huko Pasadena. Alikuwa akichunguza ni kemikali gani zinazolipa nanasi ladha na harufu yake, na mbinu yake ilikuwa kupitisha hewa yenye harufu hiyo kwenye mitego ya baridi kali ili kemikali zigande na kupimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliombwa aigeuzie mbinu hiyo hewa ya mji. Alipoivuta na kuipoza, alipata matone machache ya majimaji ya hudhurungi yenye harufu mbaya. Hayakuwa ya salfa. Yalikuwa masalio ya mvuke wa mafuta ya petroli ulioshambuliwa na oksijeni.

Lipo jambo jingine lililokuwa likiwasumbua watu: katika Los Angeles mipira ya magari ilipasuka nyufa upesi kuliko kwingine, na majani ya mchicha wa kizungu mashambani yakapauka na kung'aa upande wa chini kama yaliyopakwa rangi ya fedha. Moshi wa makaa haufanyi hivyo. Haagen-Smit alijua gesi inayokata mpira namna hiyo ni ozoni. Alichukua vipande vya mpira, akavikunja ili vivutike, akaviacha katika hewa ya siku mbaya na kuhesabu dakika hadi ufa wa kwanza. Ozoni ikiwa nyingi, ufa hutokea ndani ya dakika chache. Kipande cha mpira kikawa kipimo.

Bado palihitajika kuonyesha ozoni hiyo inatoka wapi, maana hakuna ekzosi wala dohani iliyokuwa ikiitoa, na wanasayansi waliolipwa na kampuni za mafuta walimpinga. Basi akatia mvuke wa petroli na nitrojeni dioksaidi ndani ya chombo cha kioo na kukiweka kwenye mwanga. Ndani ya chombo ukatokea ukungu, harufu ikawa ile ile ya mitaani, mimea ikaungua vile vile na mpira ukapasuka. Mwaka 1952, mwaka ule ule wa msiba wa London, alichapisha maelezo ya kemia yake.

Kwa ufupi mambo huenda hivi. Ndani ya silinda ya injini joto hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na katika joto hilo nitrojeni na oksijeni za hewa ya kawaida hulazimika kuungana. Petroli haihitaji kuwa na uchafu wowote ili hili litokee. Joto peke yake linatosha. Gesi inayotoka kwenye ekzosi hugeuka kuwa nitrojeni dioksaidi, ambayo ndiyo inayoupa ukungu huo rangi ya hudhurungi. Mwanga wa jua huivunja molekuli hiyo na kuachia atomu moja ya oksijeni. Atomu hiyo hushikana na oksijeni ya hewani, na ozoni huzaliwa.

Mambo yangeishia hapo ozoni isingekuwa nyingi, kwa sababu nusu iliyobaki ya molekuli iliyovunjika huila ozoni na kurudi ilivyokuwa. Kinachovuruga usawa huo ni mvuke wa petroli, uwe umetoka kwenye ekzosi bila kuungua, kwenye matangi au kwenye vituo vya mafuta. Mvuke huo ukishachokozwa na jua, hufanya kazi ya kuirudisha nitrojeni dioksaidi bila kutumia ozoni. Mzunguko unaendelea, ozoni inarundikana, na pembeni huzaliwa kemikali nyingine zinazowasha macho. Ndiyo maana dawa ya McCabe haikufaa: salfa haikuwa na nafasi kubwa katika mnyororo huu.

Mnyororo huo huonekana hata kwenye saa. Asubuhi, watu wakiendesha kwenda kazini, vipimo huonyesha gesi za ekzosi. Saa chache baadaye nitrojeni dioksaidi hupanda. Ozoni hufika kilele kati ya adhuhuri na alasiri, wakati msongamano wa asubuhi umekwisha na upepo wa bahari umeshasukuma hewa hiyo kuelekea milimani. Watu wa Pasadena na Riverside walivuta ozoni iliyopikwa kutokana na moshi wa magari ya wengine. Mwezi Septemba 1955 Los Angeles ilipima sehemu 0.68 za ozoni kwa kila sehemu milioni za hewa. Kiwango cha Marekani cha leo, kinachopimwa kwa wastani wa saa nane, ni 0.070.

Dawa mbili

Uingereza ilipitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956. Ilitenga maeneo ambamo moshi mweusi ulipigwa marufuku na kuwasaidia wenye nyumba kubadili meko yao ili watumie nishati isiyo na moshi, gesi au umeme. Dawa ilifuata ugonjwa: ukiondoa makaa sebuleni, umeondoa masizi na salfa kwa mpigo. Haikufika siku moja, maana Desemba 1962 London ilipata tena ukungu wa kuua, ila baada ya hapo ulififia.

Los Angeles ilikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu kilichopaswa kubadilika ni gari lenyewe. Jimbo liliunda bodi ya rasilimali za hewa na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Kuanzia magari ya mwaka 1975 kifaa kipya kilienea kwenye ekzosi, kile ambacho mafundi wa kwetu hukiita masega kwa jinsi kilivyojaa vitundu. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani kama platinamu, na mvuke wa mafuta ukipita humo hugeuka maji na kabonidioksaidi. Masega ya baadaye yalivunja pia gesi za nitrojeni. Risasi iliyotiwa kwenye petroli huyaua masega kwa kuyafunika, ndiyo sababu petroli isiyo na risasi ilibidi ije pamoja nayo. Salfa nyingi kwenye mafuta huyadhoofisha vile vile.

Hata hivyo ukungu wa kifotokemia hauna tabia ya kupungua sawasawa na uchafu unaoondolewa. Kwa miaka mingi Los Angeles ilipima ozoni nyingi zaidi Jumapili kuliko siku za kazi, ingawa malori yalikuwa machache. Gesi mbichi ya ekzosi huila ozoni, kama ilivyoelezwa; gesi hiyo ikipungua kidogo huku mvuke wa petroli ukibaki, ozoni hukosa wa kuila. Mji unaopunguza kimoja tu kati ya viwili hivyo unaweza kushangaa vipimo vikipanda kwanza kabla ya kushuka.

Ukungu huo leo

Ule wa makaa haujatoweka. Katika Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, mji umo bondeni, na familia zinazoishi kwenye mahema ya ger zilikuwa zikichoma makaa mabichi jikoni hadi yalipopigwa marufuku mwaka 2019. Beijing imejua aina zote mbili: majira ya baridi chembe nyingi zikichangiwa na makaa na magari, majira ya joto ozoni.

Afrika Mashariki haichomi makaa ya mawe majumbani na haina usiku wa Desemba ya London, kwa hiyo hatari ya ukungu wa aina ile ni ndogo. Moshi wa mkaa, kuni na taka zinazochomwa ni tatizo lenye madhara yake, lakini si kitu kile kile. Viungo vya aina ya pili ndivyo vilivyo karibu: jua la ikweta, magari mengi yaliyotumika, na mvuke wa petroli. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo jua hupita hewa pungufu kabla ya kufika chini. Dar es Salaam na Mombasa zina upepo wa bahari unaotawanya, ingawa upepo huo huo huweza kusukuma kinachopikwa kuelekea bara.

Hatua mbili kubwa zimekwisha kupigwa. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, na mwaka 2015 nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Mafuta sasa yanayaruhusu masega kufanya kazi. Gari ambalo masega yake yameng'olewa na kuuzwa, kisha likafungwa bomba tupu, hurudi kutoa mvuke na gesi za nitrojeni kama magari ya Los Angeles kabla ya 1975, hata kama haliachi moshi unaoonekana.

Kutoonekana huko kunaleta shida ya vipimo. Vifaa vya bei nafuu vinavyofungwa siku hizi kwenye mapaa na nguzo huhesabu chembe kwa mwanga wa leza. Vinafaa kwa masizi na vumbi, lakini ozoni ni gesi isiyo na rangi na havioni kitu. Mji unaotaka kujua kama unapika ozoni unahitaji kipimo chake maalumu, nacho kiwekwe mahali upepo unakoelekea, nje ya katikati ya mji, na kisomwe kuanzia adhuhuri. Kwa mtu mwenye pumu tofauti hii ina maana ya moja kwa moja. Penye moshi wa makaa, alfajiri ndiyo saa mbaya ya kukimbia na mchana hewa huwa nafuu. Penye ozoni ni kinyume: mazoezi yafanywe asubuhi mapema, na alasiri ya jua kali abaki ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Barakoa ya kitambaa haitamsaidia, kwa kuwa gesi hupita humo bila kizuizi.